Mahindi yangu niuze sasa au nihifadhi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakulima wa Nyanda za Juu Kusini

Majibu haya yanamlenga zaidi mkulima wa Songwe, Rukwa, Mbeya, Njombe au Ruvuma, anayevuna mara moja kwa mwaka kati ya Mei na Agosti. Walioko Kilimanjaro, Arusha au Tanga wenye vuli na masika wasome, lakini kalenda yao ni nyingine. Bei zilizotumika kwenye hesabu ni za mfano tu. Weka zako.

## Kuhusu bei

Kwa nini bei huanguka kila tukivuna?

Kwa sababu tunavuna wote pamoja na sote tunadaiwa pamoja. Juni na Julai kila kijiji kina mahindi, na kila nyumba ina deni la mbolea, vibarua wa kulipa na harusi ya kuchangia. Mnunuzi anayekuja na lori anajua hilo vizuri. Kuanzia Oktoba maghala ya vijijini yanapungua, waliouza yote wanaanza kununua chakula, na bei hupanda taratibu. Kwa kawaida hufika juu kati ya Januari na Machi, kisha hushuka mahindi mabichi yanapoanza kuliwa na mavuno mapya yanapokaribia.

Kwa hiyo nikihifadhi mpaka Januari nina uhakika wa faida?

Hapana. Upandaji huo ni wa kawaida, si wa lazima. Mwaka 2017 usafirishaji wa mahindi nje ya nchi ulizuiwa katikati ya mwaka, mavuno yalikuwa mazuri, na hata zuio lilipoondolewa bei haikuinuka. Waliokaa na mzigo hadi 2018 wakitegemea kupanda kwa kawaida waliuza kwa hasara. Kinyume chake, waliovuna 2022 wakahifadhi walifika mwanzoni mwa 2023 wakiwa na bei ambayo wengi hawakuwahi kuiona, kwa sababu ukame ulikuwa umepiga sehemu kubwa ya Afrika Mashariki.

Mambo matatu huamua mwaka utakuwa wa namna gani. La kwanza ni mavuno ya majirani. Ukame wa Zambia mwaka 2024 ulivuta mahindi mengi upande wa Tunduma. La pili ni vuli ya kaskazini: mvua za Oktoba hadi Desemba zikiwa nzuri, mahindi ya vuli huingia sokoni Januari na Februari, wakati uleule unaotaka kuuza wewe. La tatu ni mpaka (tazama swali la mpaka, huko chini). Mawili ya kwanza unaweza kuyafuatilia redioni na kwa madereva wa malori, ambao huwa na habari kabla ya ofisi yoyote.

Basi niuze yote au nihifadhi yote?

Kwa mkulima mdogo, yote mawili ni kamari. Anayeuza yote Julai atanunua chakula Februari kwa bei ya juu, mara nyingi mahindi yaleyale aliyouza mwenyewe. Anayehifadhi yote hana hela ya vibarua wala mbolea, na dharura ikitokea Septemba atauza kwa bei yoyote atakayoambiwa.

Gawa mafungu matatu, kwa mpangilio huu: chakula cha nyumbani kwanza, halafu fungu la kuuza sasa kwa mahitaji yasiyosubiri, na kinachobaki ndicho cha kusubiria bei. Mpangilio una maana yake. Watu wengi huanza na madeni, wakamalizia na chakula, na ndipo njaa ya Februari inapoingia kwenye nyumba iliyovuna gunia 30.

## Kuhusu hesabu

Nitajuaje kama kusubiri kunalipa?

Tafuta bei moja tu: ile ambayo ukiuza baadaye utakuwa sawasawa na aliyeuza leo. Chini yake umepata hasara hata kama bei imepanda, na juu yake ndipo faida inapoanza. Kosa linalorudiwa sana ni kusema "niliuza 60,000 badala ya 50,000, nimepata elfu kumi". Huenda hukupata kitu.

Tuchukue gunia moja la kilo 100 ambalo leo, Julai, linauzwa 50,000. Unataka kulikalisha miezi sita. Mfuko usiopitisha hewa unaununua 5,000. Kubeba, kupanga na chaga za kuinulia, weka 1,500. Halafu kuna hela yenyewe: ile 50,000 ungekuwa nayo leo, ungeweza kuikopesha kwenye kikoba au kulipa deni. Tuseme asilimia 2 kwa mwezi, ambayo kwa miezi sita ni 6,000. Jumla ni 62,500. Mwisho, kilo hazitabaki 100. Mahindi huendelea kukauka kidogo, na kuna yanayomwagika au kuliwa na wadudu. Hata kwa mtunzaji mzuri toa asilimia 3, ubaki na kilo 97. Ili kilo hizo 97 zirudishe 62,500, bei ya gunia kamili inabidi iwe kama 64,500.

Hiyo ndiyo bei yako ya kusawazisha. Iandike ukutani mwa ghala kwa mkaa, maana Desemba utakuwa umeshaisahau na mnunuzi atakuwa mlangoni. Mfuko ukitumika msimu wa pili bila kutoboka, gharama yake kwa msimu inakuwa nusu na bei hiyo inashuka kidogo.

Nina deni la mbolea. Nilipe kwanza au nisubiri bei?

Inategemea riba. Rudia hesabu ya hapo juu, ila badala ya asilimia 2 weka asilimia 10 kwa mwezi, kama wanavyotoza baadhi ya wakopeshaji wa mtaani. Miezi sita ni 30,000 kwa kila gunia, na bei ya kusawazisha inaruka hadi 89,000. Si kila mwaka mahindi ya 50,000 hufika huko. Deni la namna hiyo lilipe siku ya kwanza, kwa furaha au kwa uchungu. Deni la saccos lenye riba ndogo, au la duka la pembejeo lisilo na riba hadi Desemba, halina haraka hiyo, mradi makubaliano yawe ya maandishi.

Nipe mfano wa nyumba nzima.

Nyumba ya watu sita wilayani Mbozi imevuna gunia 40. Kwa ulaji wa ugali kila siku, kadiria gunia moja kwa mtu kwa mwaka. Hapo ni gunia 6, ongeza 2 za wageni, misiba na kuku, zinakuwa 8. Deni la mtaani ni 600,000, sawa na gunia 12 kwa bei ya leo. Mifuko inahitajika kwa mahindi yote yatakayobaki, pamoja na ya chakula, na hapo wanauza gunia 3 zaidi kwa ajili ya mifuko na wabebaji.

Wameuza 15, wameweka 8 za kula, zimebaki 17 za kusubiria. Hizo nazo hawaziuzi kwa siku moja. Nane wataziuza mwishoni mwa Novemba au Desemba, iwapo bei imepita ile ya kusawazisha. Tisa zinasubiri Januari, ada za shule zinapodai. Kumbuka bei ya kusawazisha ya Novemba ni ndogo kuliko ya Januari, kwa sababu hela imekaa miezi michache.

Nihesabu kwa gunia au kwa kilo?

Kwa kilo, siku zote. Gunia lililoshonewa kilemba juu, yaani lumbesa, linaweza kubeba zaidi ya kilo 120, na bei "nzuri" ya 60,000 kwa gunia la kilo 120 ni 500 kwa kilo, ileile ya Julai. Kisheria kifungashio kisizidi kilo 100. Hata kama hamna mizani kijijini, changeni mnunue ya kuning'iniza.

## Kuhusu kuhifadhi

Mahindi yamekauka vya kutosha kuwekwa?

Unyevu usizidi asilimia 13.5. Wengi hung'ata punje, ikivunjika kwa mlio wakasema yamekauka. Si kipimo kibaya kwa mtu mzoefu, lakini kuna cha uhakika zaidi kisicho na gharama. Chukua chupa ya kioo kavu yenye mfuniko, mimina mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyoanikwa ikakauka kabisa. Funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yarudi juani. Ikianguka yote chini, yako chini ya 15. Hapo anika tena siku moja au mbili za jua kali ili ufike kwenye usalama.

Anika juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Yaingize ghalani yakiwa yamepoa. Yakifungwa na joto la jua, hutoa jasho ndani ya mfuko.

Mfuko wa kinga njaa, dawa ya unga au kihenge cha bati: kipi bora?

Kwa gunia chini ya 50, mfuko wa kinga njaa, ambao wengi huuita PICS. Una tabaka mbili za plastiki ndani na gunia la kawaida nje. Mahindi yakifungwa humo, wadudu hutumia hewa iliyobaki, inaisha, wanakufa. Hakuna dawa, na mahindi hayo unaweza kuyala au kuyauza siku yoyote.

Mfuko hufanya kazi ukifungwa sawasawa tu. Kabla ya kujaza, upulizie hewa kila mfuko wa plastiki na uusikilize kama unavuja. Jaza huku ukisindilia ili hewa isibaki pembeni. Funga wa ndani peke yake: usokote, ukunje, ufunge kwa kamba imara. Kisha wa pili vivyo hivyo, kisha gunia la nje. Usifungue kuchungulia kwa miezi miwili ya mwanzo, maana kila ukifungua unawarudishia wadudu pumzi. Mahindi ya kula ya kila wiki yawe na mfuko wake. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, kwa sababu panya mmoja akitoboa kazi yote imekwisha.

Dawa ya unga ni nafuu zaidi, na inafaa ukinunua ya mchanganyiko yenye pirimifosi-methili na pemethrini. Ya kwanza huua fukusi, ya pili humuua dumuzi. Pima kwa kipimo cha lebo, changanya kwa koleo juu ya turubai mpaka ienee, na usome muda wa kusubiri kabla ya kula. Unga uliokwisha muda wake au wa kughushi hauui kitu, kwa hiyo nunua duka linalotoa risiti.

Kihenge cha bati ni kizuri na hudumu miaka mingi, lakini bei yake ni ya kikundi au ya mwenye mazao mengi.

Nikiweka kwenye magunia ya kawaida bila kitu, kuna ubaya gani kwa miezi sita tu?

Ubaya ni dumuzi, ambaye sehemu nyingine humwita Skania. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na huku kwetu alionekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anaweza kula hata asilimia 30 ya mahindi ndani ya msimu mmoja wa kuhifadhi. Rudi kwenye ile hesabu: umeokoa 5,000 ya mfuko, lakini umebakiwa na kilo 70. Ili urudishe 57,500 yako, gunia kamili lazima liuzwe 82,000 na kitu, na hapo mnunuzi hajakata bei kwa sababu ya matundu.

Nitamjuaje dumuzi kabla hajamaliza?

Kwa unga. Fukusi, mwenye kidomo kirefu, huacha punje zenye matundu na vumbi kidogo. Dumuzi huacha unga mwingi kama wa mashine, chini ya gunia na ndani ya kiganja ukichota. Hutoboa pia mbao za ghala na nguzo, ndiyo maana kusafisha ghala la mwaka jana, kuchoma mabaki na kupukuchua mapema kuna faida. Huyapenda zaidi mahindi yaliyo kwenye magunzi.

Ukimwona mwezi wa Septemba, usingoje. Pepeta, chekecha unga wote, anika juani, kisha weka kwenye mfuko usiopitisha hewa au uuze wiki hiyohiyo. Mahindi yenye dumuzi hayana Januari.

Jirani ananiambia nitumie vidonge vya kufukiza.

Usivitumie mwenyewe. Vidonge hivyo hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua watu waliolala chumba cha jirani bila kuwaamsha. Ni kazi ya mtaalamu mwenye kibali, kwenye ghala lisilo nyumba ya kulala.

Mahindi yameota ukungu kidogo. Nichanganye na mazuri niuze?

Hapana. Ukungu unaweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupika wala kwa kukoboa peke yake. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara waliokula mahindi ya nyumbani kwao. Na kwa upande wa soko, Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa siku chache kwa sababu hiyohiyo. Chambua kwa mkono punje zilizooza, zilizobadilika rangi na zilizovunjika, uzitupe. Usiwape kuku wala ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hupita kwenye maziwa.

## Kuhusu kuuza

Kama nimehifadhi vizuri, nisubiri mpaka bei ifike kileleni?

Kilele hujulikana kikishapita. Ila kuna sababu nyingine, ambayo watu wa mjini hawaioni: barabara. Februari na Machi bei ya Dar es Salaam huwa juu, lakini mvua imekata njia za vijijini na lori halifiki. Anayefika anakata gharama za kukwama kwake kwenye bei yako. Kama kijiji chako hakina barabara ya mvua, soko lako bora linaweza kuwa Desemba au Januari mwanzoni, hata kama redio inatangaza bei kubwa zaidi Machi. Au sogeza mahindi mapema, Oktoba njia zikiwa kavu, uyahifadhi kwa ndugu aliye karibu na lami.

Dalili ya kuuza haraka: vuli ya kaskazini imekuwa nzuri, mvua zetu zimeanza vizuri, na wafanyabiashara wakubwa wameanza kufungua maghala yao. Wao hawauzi kwa hasira.

NFRA wananunua bei nzuri. Niwasubiri?

Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua kwa bei iliyotangazwa, na bei hiyo mara nyingi huwa juu ya ile ya walanguzi wa wakati wa mavuno. Ukiwa karibu na kituo chao, jaribu. Lakini hununua kwa msimu na kwa kiasi walichopangiwa, foleni huwa ndefu, na mahindi yenye unyevu au takataka hurudishwa kwa gharama yako. Malipo yanaweza yasiwe ya papo kwa papo. Wapelekee sehemu ya fungu la kuuza sasa, si lile la deni linalokomaa kesho.

Serikali ikifunga mpaka nikiwa na mzigo?

Ilishatokea 2011 na 2017, na wakulima wa mikoa ya mpakani waliumia zaidi kwa sababu bei yao hutegemea Tunduma na kwingineko. Hakuna kinga kamili. Ndiyo sababu ya kuuza kwa mafungu, na ya kutokuwa na deni lenye riba juu ya mahindi yaliyohifadhiwa.

## Hali zisizo za kawaida

Naweza kuweka ghala la stakabadhi nikopee benki?

Mfumo wa stakabadhi za ghala una sheria yake tangu 2005, na umezoeleka zaidi kwa korosho, ufuta na kahawa. Kwa mahindi, uliza chama chenu cha ushirika kama kuna ghala lililosajiliwa karibu. Ukipata, linganisha ada ya ghala na riba ya benki kwa hesabu ileile ya bei ya kusawazisha.

Mume wangu anataka kuuza yote, mimi nataka tuhifadhi. Tufanyeje?

Mara nyingi mnabishana juu ya vitu viwili tofauti: yeye anahesabu deni, wewe unahesabu chakula. Pimeni pamoja, mtenge gunia za chakula kwanza na mziwekee alama ya rangi ambayo hakuna anayeiuza bila mwenzake. Ugomvi wa kilichobaki huwa mdogo, na mara nyingi mwenye deni huwa amesema kweli kuhusu riba.

Machi imefika, bei iko chini ya ile niliyoandika ukutani. Nisubiri mwaka mwingine?

Kwa mahindi, karibu kila mara jibu ni kuuza. Mei mavuno mapya yanaingia na bei inarudi chini, wakati gharama zako zinaongezeka na mifuko inahitajika kwa mazao mapya. Swali la sasa si tena bei ya Julai iliyopita. Linganisha bei ya leo na unayotarajia Juni. Isipokuwa mvua za kwetu zimekatika Februari mahindi yakiwa yanabeba: hapo bakiza gunia chache za ziada kwa ajili ya kula, uuze mengine.

Haya yote yanahusu maharage na mpunga pia?

Hesabu ni ileile, wadudu ni wengine. Maharage hushambuliwa yakiwa bado shambani, kwa hiyo yakishakauka yawekwe kwenye mfuko usiopitisha hewa ndani ya siku chache, si wiki. Mpunga hukaa vizuri ukiwa na maganda yake. Koboa siku ya kuuza, maana mchele hauvumilii kama mpunga.